Bei ya Kuhama

Namba ya simu ya mama mdogo imeandikwa kwa rangi nyeusi kwenye mlango wa stoo yake ya dagaa, Kirumba Mwaloni, Mwanza. Imeandikwa pia kwa kalamu ya wino mzito kwenye magunia yanayopanda lori kwenda Shinyanga, Tabora na Dodoma, na kwenye mengine ambayo wenyewe huyapeleka mbali zaidi, hadi Kongo. Ipo kwenye daftari la kikoba chake, kwenye fomu za shule za wanawe wawili, kwenye akaunti ya benki inayomtumia namba za siri kila anapotoa pesa. Ameitumia tangu 2008. Mtandao wenyewe hausifii. Ukimuuliza anakwambia ni wezi tu kama wezi wengine, ila hawa amewazoea.

Mwaka jana alinipigia akiwa na swali la hesabu. Kijana mwenye fulana ya mtandao mwingine alikuwa amepita sokoni akigawa laini. Kwenye mtandao wake, mama mdogo alikuwa akinunua kifurushi cha wiki cha shilingi 3,000. Yule kijana alikuwa na kifurushi cha shilingi 2,000 chenye dakika zilezile na intaneti zaidi kidogo.

"Wewe si ulisomea mambo ya uchumi," aliniambia. "Nipigie hesabu, mwanangu. Nihame nisihame?"

Hesabu ya kwanza ni nyepesi. Shilingi 1,000 kwa wiki ni 52,000 kwa mwaka. Mtu aliyekaa darasani angesema ahame leo, na asipohama amsomee somo la uvivu. Ndivyo wengi wetu tunavyowazungumzia wanaobaki: hawajui, hawajaelimishwa, wameridhika. Lakini namfahamu mama mdogo. Ni mtu wa kubishana na dereva wa lori nusu saa kwa ajili ya shilingi 500 ya gunia. Mtu wa namna hiyo haachi 52,000 mezani kwa sababu ya uvivu. Nikamwomba anitajie kila kitu kilichofungwa kwenye ile laini.

Kitu cha kwanza ni namba yenyewe, na hapa kuna habari njema. Tangu Machi 2017, Tanzania ina utaratibu wa kuhama mtandao bila kubadili namba. Unakwenda kwenye duka la mtandao unaoutaka ukiwa na kitambulisho na simu yako, unajaza fomu, unatuma neno HAMA kwenda 15080, kisha unasubiri. Laini ya zamani inazima, unaweka mpya, na namba ni ileile. Sheria hii haikutokea bure. Namba ndiyo kufuli kongwe kuliko yote kwenye biashara ya simu. Mtu aliyeisambaza kwa miaka tisa au kumi hawezi kuikusanya tena kutoka kwenye simu za watu na milango ya stoo.

Kwetu kufuli hilo lina meno ya ziada. Hakuna mwenye simu Tanzania ambaye hajawahi kupokea ujumbe wa tapeli usemao "ile hela tuma kwenye namba hii." Kwa hiyo mfanyabiashara akiwatumia wateja ujumbe kwamba amebadilisha namba, na kwamba malipo sasa yaende kwenye namba mpya, atakuwa ameandika barua ya tapeli neno kwa neno. Mteja mwenye akili ataufuta. Kama sheria ya 2017 isingekuwepo, mazungumzo yetu yangeishia hapo.

Sasa basi, namba inahama. Kwa nini watu hawahami kwa makundi?

Kwa sababu namba ilikuwa kufuli la nje tu. Ndani kuna pesa. Ukihama na namba yako, akaunti yako ya pesa haihami nawe. Unatakiwa kutoa salio lote kwanza, kulipa unachodaiwa, na kule uendako unafunguliwa akaunti nyingine iliyo tupu, ingawa inaitwa kwa namba ileile. Kutoa salio ni jambo la dakika tano kwa wakala, na makato yake yanajulikana. Kinachobaki nyuma bila kuwekwa kwenye bahasha ni historia.

Historia ya mama mdogo ina kiasi chake kwa shilingi: 400,000. Hicho ndicho kiwango cha juu ambacho mtandao wake unamkopesha kwa simu, bila dhamana, bila mdhamini, ndani ya dakika moja. Hakuanzia hapo. Mara ya kwanza walimpa 10,000. Akakopa, akarudisha kabla ya siku. Wakampa 25,000, kisha 60,000. Ilimchukua miaka mitatu ya kukopa na kurudisha kufika 400,000. Nilimuuliza mtandao mpya utampa kiasi gani. Alikuwa ameshamuuliza yule kijana wa fulana, akamjibu kwamba mteja mpya huanza na 10,000.

Ili kuona 400,000 ile ina thamani gani, lazima ujue dagaa wa ziwani wanavuliwaje. Wavuvi huwavua kwa taa, usiku usio na mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu taa haivuti kitu, mitumbwi inapumzika. Giza likirudi, dagaa wanaingia mwaloni kwa wingi, na siku chache za mwanzo ndizo zenye bei nzuri ya kununulia. Siku hizo ndizo mama mdogo huwa hana pesa, kwa sababu za mwezi uliopita bado ziko mikononi mwa wateja wa Tabora ambao hawajamaliza kulipa. Mkopo wa simu unaingia katika tundu hilo hasa.

Tulifanya hesabu kwa simu, yeye akitaja, mimi nikiandika. Kwa 400,000 ananunua magunia manne. Kila gunia, likishatoa usafiri na ushuru, linamwachia kama 15,000, jumla 60,000. Mkopo unamtoza asilimia 9 kwa mwezi, yaani 36,000. Anabaki na 24,000. Ni faida nyembamba, na alinikumbusha kwamba asiyejua kuhesabu huwa anadhani anapata 60,000. Hufanya hivyo mara tano hivi kwa mwaka. Tano mara 24,000 ni 120,000.

Weka mizani. Akihama anaokoa 52,000 kwa mwaka kwenye kifurushi. Mwaka wa kwanza anapoteza 120,000, kwa kuwa kiwango cha 10,000 hakinunui hata robo ya gunia. Tuseme mwaka wa pili atakuwa amejijenga hadi nusu, apoteze 60,000, na wa tatu apoteze 30,000. Jumla ya hasara ni 210,000. Akiba ya kifurushi kwa miaka mitatu ni 156,000, tena ikiwa kile kifurushi cha 2,000 kitabaki 2,000 kwa miaka mitatu, jambo ambalo yeyote anayenunua vifurushi nchi hii atalicheka. Hapo bado hatujagusa mteja hata mmoja.

Na wateja wana lao. Kaka yangu mmoja, mtoto wa baba mkubwa, ambaye ni fundi wa pikipiki, alihama na namba yake. Kupiga na kupigiwa hakukuwa na shida. Shida ilikuja kwenye pesa. Tumezoea kuusoma mtandao wa mtu kwenye tarakimu za mwanzo: ukiona 075 unasema Voda, ukiona 078 unasema Airtel, ukiona 071 unasema Tigo, ingawa siku hizi inaitwa Yas. Mtu anayetaka kumtumia pesa anafungua menyu, na kabla ya kuandika namba anaulizwa ni mtandao gani. Anaangalia tarakimu, anachagua wa zamani, anajibiwa kwamba namba haijasajiliwa. Wengine walimpigia wakauliza. Wengine waliona ni dalili ya utapeli wakanyamaza hadi walipokutana naye. Kwa fundi anayelipwa mtu akiwa mbele yake, hilo ni usumbufu tu. Kwa mtu ambaye mteja wake yuko Dodoma na lori linataka kuondoka, oda moja ya magunia kumi ikienda kwa jirani ni 150,000 imepotea asubuhi moja.

Wachumi wana lugha yao kwa haya yote. Mwaka 1987 mchumi Mwingereza Paul Klemperer aliandika kuhusu masoko ambayo mteja akishaingia, kutoka kunamgharimu. Alichoonyesha ni kwamba katika soko kama hilo kampuni hushindana vikali sana mwanzoni, kumgombania mteja ambaye bado hana wa kumshika, kisha hutoza zaidi wale ambao tayari wameshikika. Waswahili tulishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Laini ya bure, intaneti ya bure wiki ya kwanza, dakika za zawadi: hizo ni siku mbili za wali. Jembe linakuja baadaye, na halitangazwi na kijana mwenye fulana.

Nilipomweleza mama mdogo hivyo, aliuliza swali ambalo sikulikuta kwenye vitabu nilivyosoma chuoni kwa namna alivyoliweka yeye. "Kwa hiyo wao wanajua mimi sitoki?"

Wanajua. Hawamjui yeye kwa jina, lakini wanaona kwenye kompyuta zao kwamba mtu mwenye kiwango cha mkopo cha 400,000 haondoki kirahisi kama mtu mwenye kiwango cha 10,000. Hesabu yetu inasema kwamba tofauti ya 1,000 kwa wiki haitoshi kumtoa. Maana yake ni kwamba mtandao wake unaweza kuendelea kumtoza 1,000 zaidi ya jirani, kila wiki, na yeye akabaki, na kubaki kwake kukawa uamuzi sahihi. Ukubwa wa kufuli ndio ukubwa wa nafasi ya kupandisha bei. Hili ndilo ninalotamani wanaowacheka wanaobaki walielewe: mtu anaweza kuwa amepiga hesabu vizuri kabisa, na bado akawa ananyonywa.

Kuna njia ya kujua kama umebaki kwa kupenda au kwa kufungwa. Jiulize: kama ningekuwa nimefika mjini leo, sina laini, sina akaunti, simfahamu mtu, ningechagua mtandao huu nilio nao? Ukijibu ndiyo, umebaki kwa sababu huduma ni nzuri. Ukijibu hapana, basi tofauti kati ya huu na ule ambao ungechagua ndiyo kodi unayolipia historia yako. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambaye laini yake haina mkopo, wala wateja, wala kikoba, hana kodi ya kulipa. Huyo afuate kifurushi popote kilipo. Mama mdogo alijibu "hapana" kabla sijamaliza kuuliza.

Unaweza kudhani dawa ni kurahisisha taratibu: fomu fupi, foleni fupi, neno moja kwenda namba moja. Uingereza walijaribu hilo kwenye mabenki, kwa ukamilifu ambao sisi hatujaufikia. Tangu Septemba 2013, mtu akitaka kuhama benki huko anaiambia benki mpya tu. Ndani ya siku saba za kazi salio lake, malipo yake ya kila mwezi na makato yake yote yanahamishwa, na mshahara ukitumwa kwenye akaunti ya zamani unaelekezwa wenyewe kwenye mpya. Haihitaji kumfuata bosi na barua. Lakini mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo ilipotoa ripoti yake mwaka 2016, ilikuta kwamba wateja binafsi waliokuwa wakihama benki kwa mwaka walikuwa kama asilimia 3 tu. Mlango ulikuwa wazi na umepakwa mafuta. Watu wengi hawakuona wazi kitu gani hasa wangekipata upande wa pili, na kuupima mpango mmoja wa benki dhidi ya mwingine ni kazi yenyewe.

Kwetu mfano wa karibu ni gharama za kupigiana simu kati ya mitandao. Zamani familia nzima ilichagua mtandao mmoja kwa sababu kupiga nje ya mtandao kulikuwa ghali. Ukihama peke yako, unawahamisha ndugu zako wote kwenda "mitandao mingine." Sehemu ya sababu ilikuwa ada ambayo mtandao mmoja huulipa mwingine kwa kupokea simu ya mteja wake. Mamlaka ya Mawasiliano iliishusha mwaka hadi mwaka, kutoka shilingi 15.60 kwa dakika mwaka 2018 hadi shilingi 2.00 mwaka 2022. Ukuta ule umebaki kimo cha tofali moja. Leo vifurushi vingi vina dakika za mitandao yote, na hakuna anayemuuliza mchumba wake yuko mtandao gani. Hata hivyo mama mdogo hajatoka, kwa kuwa wakati ukuta wa dakika ukishuka, ukuta wa mikopo ulikuwa unapanda. Ukifungua kufuli moja, biashara hulala kwenye lile ambalo bado limefungwa.

Nilimpa jibu: asihame. Nikamweleza na sababu, nikamtumia na zile tarakimu kwenye WhatsApp ili azione. Alizipitia akapata kosa moja dogo la ushuru wa gunia ambalo halikubadilisha jibu. Kisha akaniambia alichokuwa amekwishafanya.

Simu yake ina sehemu mbili za laini. Ile ya bure aliyopewa na kijana wa fulana aliiweka kwenye sehemu ya pili, siku ileile. Namba yake hakumpa mtu. Anaitumia kwa intaneti tu, na WhatsApp yake inaendelea kuwa kwenye namba ya mlangoni, maana WhatsApp haijali intaneti imetoka laini gani. Kwenye laini ya zamani amepunguza kifurushi: ananunua dakika peke yake. Kupiga kwa laini mpya alijaribu, wateja hawakupokea namba wasiyoijua, akaacha. Nilipojumlisha vifurushi viwili vipya, nikakuta anaokoa kama 600 kwa wiki, yaani 31,200 kwa mwaka kati ya zile 52,000, bila kugusa mkopo wake wala kupoteza oda hata moja.

Ndivyo nchi hii inavyohama. Nusu yake inahama, nusu inabaki. Ukimwona mtu ana laini mbili au tatu, usidhani ana mambo ya kuficha. Amegawa maisha yake kulingana na makufuli: intaneti kwenye bei nafuu, pesa kwenye historia. Mashindano ya bei yamehamia kwenye kile kilicho chepesi kubeba, na kilicho kizito kimebaki kilipo, kikitozwa kinavyotozwa. Angalia: kifurushi chake kimeshuka, lakini asilimia 9 ya mkopo haijashuka hata nukta. Hakuna kijana wa fulana anayepita sokoni akitangaza kwamba anayekopeshwa kule kwa 9 aje huku akopeshwe kwa 6, kwa sababu huyo kijana hana namna ya kujua kama mama mdogo ni mlipaji mzuri. Anayejua ni mmoja tu, na hana haraka ya kusema.

Hapo ndipo fedha halisi ilipo, na ndipo sheria ya 2017 haikufika. Namba ilitambuliwa kuwa mali ya mteja: umeitumia, umeijengea jina, ondoka nayo. Miaka ya kukopa na kurudisha kabla ya siku ni kazi ya mteja vilevile, tena ni kazi ngumu kuliko kusambaza namba. Benki Kuu ina kanzidata ya taarifa za mikopo, na taasisi zenye leseni ya kuzikusanya zipo. Kwa hiyo wazo kwamba historia ya mtu inaweza kusomwa na mkopeshaji mwingine si geni wala si la ajabu. Kinachokosekana ni kitu chenye wepesi wa lile neno HAMA: mteja asimame kwenye duka la mtandao mpya, aruhusu historia yake isomwe, na aanze na 400,000 aliyoistahili badala ya 10,000 ya mgeni.

Nilimuuliza mama mdogo: kama hilo lingewezekana kesho, angehama?

Alifikiri kidogo. "Wangeanza kunipigia wao," alisema, "hawa wa sasa. Wangenishushia riba kabla sijafika dukani."

Halafu akakata simu. Giza lilikuwa linaanza wiki hiyo, na alikuwa hajakopa bado.